Jembe au Sukari? Hoja ya Kukagua Mikono katika Kliniki za Kisukari za Uluguru

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa McLarty na wenzake kuhusu vijiji sita vya Tanzania, vikiwamo vya Mkoa wa Morogoro. Waliokutwa na kisukari hawakufika 1%. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9% ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vigezo na maeneo ya tafiti hizo vilitofautiana, kwa hiyo tarakimu hizo hazilinganishwi moja kwa moja. Hata hivyo, wapo leo wakulima wa Mgeta, Matombo na Kinole walioishi na kisukari kwa miaka mingi, na kwao ugonjwa hujitokeza pia mabegani na mikononi. Makala hii inadai kwamba bega lililoganda, ganzi ya vidole na vidole visivyonyooka vichunguzwe pamoja katika kliniki ya kisukari, badala ya kila kimoja kusingiziwa jembe au baridi yabisi.

Msingi wa madai haya ni kolajeni, protini inayojenga kano, ngozi na mifuko ya viungo. Sukari ikibaki juu kwa miaka, hujishikiza kwenye kolajeni na kuunganisha nyuzi zake. Nyuzi hizo hukakamaa, na mwili hushindwa kuzivunja na kuzijenga upya kama kawaida. Begani mfuko wa kiungo hunenepa na kusinyaa. Kwenye kifundo cha mkono, tishu zilizonenepa huubana mshipa wa fahamu unaopita katika njia nyembamba kuelekea kiganjani, mshipa ambao huenda umekwisha kudhoofishwa na sukari yenyewe. Vidoleni, ngozi na kano huvuta viungo vikabaki vimekunjika kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 55, mkulima wa kabichi Mgeta, mwenye kisukari kwa miaka 12. Analalamika kwamba hawezi tena kujitwisha tenga wala kufikisha mkono wa kushoto mgongoni. Mhudumu humshika kiwiko kikiwa ubavuni na kuuzungusha mkono kuelekea nje. Ukigoma hata mhudumu anapousukuma, huenda bega limeganda. Kano ingekuwa imechanika, kwa kawaida mhudumu angeweza kuuzungusha. Usiku mama huamshwa na ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, akakung'uta mkono apate nafuu. Kidole cha mwisho hakina ganzi, jambo linaloelekeza kwenye mshipa uliobanwa kifundoni. Ganzi ya kisukari iliyoenea mwilini huanzia miguuni, na ikifika mikononi huvishika vidole vyote.

Kisha mama huombwa kuunganisha viganja kama anayesali, viwiko vikiwa vimeinuliwa. Vidole visipogusana na nafasi ikabaki kati yake, mhudumu hujaribu kuvinyoosha yeye mwenyewe ili kuhakikisha kwamba kiungo ndicho kilichokaza.

Atakayepinga atasema kwamba kila mkono unaolima milimani hukakamaa. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa kazi nzito ya mikono nayo huweza kuubana mshipa wa kifundo. Lakini madhara ya kazi huelemea mkono unaotumika zaidi, na mara nyingi huja na maumivu. Ukakamavu wa kisukari kwa kawaida huanzia kidole cha mwisho, hushika mikono yote miwili bila maumivu makubwa, na ngozi ya mgongo wa vidole huwa nene na ngumu kukunjika. Rosenbloom na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba vijana wenye kisukari na dalili hii walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya madhara ya mishipa midogo ya damu. Kwa hiyo, mgonjwa atakayekutwa nayo achunguzwe macho na figo bila kusubiri.

Matibabu nayo yanadai viungo na sukari vitazamwe pamoja. Sindano ya steroidi hutuliza bega, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo mgonjwa apangiwe vipimo kabla ya kurudi mlimani. Bega lenye maumivu makali halivutwi kwa nguvu; hunyooshwa taratibu, na huenda likachukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Kifundo hufungwa kibao usiku kikiwa kimenyooka. Nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kusinyaa, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji, kwa sababu mshipa unakaribia kuharibika kabisa.

Kukagua viganja hakuthibitishi kisukari, na mikono iliyonyooka haiondoi haja ya vipimo vingine. Lakini kwa mgonjwa anayejulikana kuwa na kisukari, ukaguzi huo huchukua chini ya dakika moja na hauhitaji kifaa. Kliniki inayomvua mgonjwa viatu ili kutazama nyayo inaweza, katika hudhurio hilohilo, kumwomba aunganishe viganja na kuandika matokeo kwenye kadi yake.