Mosfeti kama rezista inayoongozwa na volti, na kiasi cha sauti inachoweza kubeba bila kukwaruza

Studioni mtangazaji mmoja huongea kwa upole, mwingine akicheka mita zote zinaruka, na anayepiga simu kutoka kijijini sauti yake huingia ndogo kuliko zote. Kabla sauti hizo hazijafika kwenye mtambo wa kurushia matangazo, hupita kwenye saketi inayopunguza kubwa na kuiacha ndogo ipite, bila mtu kushika kitufe. Ndani ya saketi kama hiyo lazima kuwe na rezista ambayo thamani yake hubadilika yenyewe kwa kuamrishwa na volti. Njia moja ya bei nafuu ya kuipata ni kutumia transista aina ya mosfeti.

Tunaieleza hapa kwa sababu fundi wa redio au wa amplifaya anaweza kuijenga mezani kwake kwa aisii moja. Lakini akiijenga bila kujua kikomo chake atakutana na jambo la ajabu: sauti kubwa inatoka safi, na ile ndogo, ambayo hata haikupunguzwa sana, ndiyo inayokwaruza.

Tuanze na mosfeti yenyewe. Ina miguu mitatu: geti (G), dreni (D) na sosi (S). Umeme hupita kati ya dreni na sosi kwenye njia nyembamba, na mafundi huifananisha na mfereji. Geti limetengwa na mfereji huo kwa kihami, kwa hiyo halinywi umeme. Volti yake tu ndiyo inayopanua au kubana mfereji. Volti ya geti isipofika kiwango fulani, mfereji umefungwa. Kiwango hicho kinaitwa kizingiti, huandikwa VT. Volti inayozidi kizingiti ndiyo inayofanya kazi, na katika makala hii tutaiita ziada. Geti likiwa na volti 2.5 na kizingiti kikiwa 1.5, ziada ni volti 1.

Volti kati ya dreni na sosi (VDS) ikiwa ndogo kuliko ziada, mosfeti iko katika eneo la triodi, jina lililorithiwa kutoka valvu za redio za zamani. Hapo, ukiongeza volti, umeme nao huongezeka, kama kwenye rezista. Volti hiyo ikipita ziada, mfereji hubanwa upande wa dreni na umeme haupandi tena. Hilo ni eneo la mshibo, na huko hakuna rezista tena. Hesabu ya eneo la triodi ni hii:

```
I = k × [(VGS − VT) × VDS − VDS² / 2]
R = 1 / (k × (VGS − VT))
```

Mstari wa pili unatoka kwenye wa kwanza tukidharau kile kipande cha VDS² / 2. Herufi k hutegemea umbile la mosfeti yenyewe, na huwezi kuibadilisha. Kipande kile tulichokidharau ndicho chanzo cha matatizo yote tutakayoyazungumza, kwa hiyo kiweke akilini.

Sasa uchague mosfeti ipi? Wengi wana 2N7000 kwenye kasha la spea. Kwa kazi hii haifai. Imeundwa kuwasha na kuzima vitu kama rilei, mfereji wake ni mpana sana, na ikifunguka vizuri ukinzani wake ni omu chache tu. Ili ifike kiloomu 1 utalazimika kulileta geti milivolti chache tu juu ya kizingiti, na hapo hata joto la kidole linabadilisha kila kitu. Aisii ya CD4007 ni bora zaidi. Ndani yake mna mosfeti ndogo sita, tatu za aina N na tatu za aina P, na mifereji yao ni myembamba.

Tumia ile ya N yenye geti kwenye mguu wa 6, sosi mguu wa 7 na dreni mguu wa 8. Mguu wa 7 uende ardhini, wa 14 kwenye chanya ya betri ya volti 9, na miguu ya 3 na 10 uifunge ardhini ili mageti yasiyotumika yasielee. Mguu wa 13 uache wazi. Sauti iingie kwa kupitia kapasita ya maikrofaradi 10 na rezista ya kiloomu 10 hadi mguu wa 8, na sauti iliyopunguzwa uichukue hapohapo mguu wa 8. Geti ulipe volti kutoka kwenye potensiometa. Mosfeti ikifunguka inamwaga sehemu ya sauti ardhini. Ikifunga, sauti yote inapita.

Tuichukue mosfeti moja kwa mfano: k yake ni miliampea 1 kwa kila volti mraba, na kizingiti ni volti 1.5. Aisii yako itakuwa na namba zake, hata mbili za duka moja hutofautiana, ndiyo maana potensiometa ni ya lazima. Ukilipa geti volti 2.5, ziada ni volti 1 na ukinzani ni kiloomu 1. Vizuri. Lakini sauti ni wimbi: dreni hupanda juu ya ardhi, kisha hushuka chini yake. Ikipanda hadi milivolti 100, fomula ya kwanza inatoa miliampea 0.095, yaani ukinzani wa omu 1053. Ikishuka hadi milivolti 100 chini ya ardhi, umeme ni miliampea 0.105, na ukinzani ni omu 952. Kumbe ni rezista inayobadilika ndani ya wimbi moja! Nusu ya juu inapunguzwa kidogo kuliko nusu ya chini, wimbi linapinda, na katika sauti ya mawimbi 1000 kwa sekunde panazaliwa nyingine ya 2000 ambayo mtangazaji hakuitamka.

Ukubwa wa sauti hiyo ya ziada unaweza kuukadiria kwa kichwa. Chukua kilele cha wimbi pale kwenye dreni, ugawe kwa mara nne ya ziada. Milivolti 100 kwa volti 4 ni asilimia 2.5. Kwa milivolti 40 ni asilimia 1. Rezista ya kiloomu 10 inapunguza makosa haya kidogo, na kwa mpangilio huu punguzo ni kama sehemu moja kati ya kumi na moja, si la kutegemea.

Angalia kinachotokea sasa mgeni wa simu anapoingia na sauti ndogo. Saketi inataka kumwacha apite, kwa hiyo inashusha volti ya geti hadi 1.6. Ziada imebaki volti 0.1 na ukinzani umepanda hadi kiloomu 10. Tuseme saketi inajitahidi kuweka kilele cha milivolti 40 kwenye dreni wakati wote. Kwa yule aliyecheka, ziada ilikuwa volti 1 na makosa yalikuwa chini ya asilimia 1. Kwa mgeni wa simu, milivolti 40 kwa milivolti 400 ni asilimia 10. Rezista ya kiloomu 10, kwa kuwa sasa inalingana na mosfeti, inayapunguza hadi nusu, lakini bado ni asilimia 5. Huyo ndiye anayesikika anakwaruza, na ndiye tuliyetaka asikike.

Kwa hiyo kikomo cha mosfeti hii hakiwi namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Kinasogea pamoja na ziada. Ukipima saketi wakati inapunguza sana tu, itakupa matumaini yasiyo ya kweli. Ipime pale ziada ilipo ndogo kuliko zote unazokusudia kutumia. Dawa ya kwanza ni kushusha sauti: weka milivolti 10 badala ya 40, makosa ya mgeni wa simu yanashuka hadi asilimia 1 na robo hivi, kisha ongeza nguvu kwa amplifaya iliyo mbele. Unalipia kwa mvumo, kwani amplifaya hiyo itakuza na mlio wa chinichini wa rezista.

Dawa ya pili ni nzuri kuliko hiyo, na inahitaji spea tatu tu. Kipande cha VDS² / 2 kinaweza kufutwa ukiliongezea geti nusu ya wimbi lililopo kwenye dreni. Weka rezista ya kiloomu 100 kati ya potensiometa na geti. Kisha, kutoka dreni hadi geti, weka rezista nyingine ya kiloomu 100 ikiwa imefuatana na kapasita ya nanofaradi 100. Rezista mbili zinazolingana hugawa wimbi nusu kwa nusu. Dreni ikipanda, geti nalo linapanda na kuufungua mfereji kiasi kilekile ulichokuwa unabanwa; ikishuka, geti linashuka. Kwenye fomula, nusu inayoongezwa na nusu inayotolewa zinakatana, na unabaki na rezista iliyonyooka. Kapasita ipo ili volti ya kuongoza isivuje hadi dreni na kuleta mshindo kwenye spika kila inapobadilika. Inaifanya saketi ichelewe kidogo, kama sehemu mbili za mia za sekunde, jambo ambalo kwa maneno ya kusemwa halisumbui.

Rezista hizo mbili zisipolingana, dawa inapungua. Hata zikilingana, usijipe uhuru wa volti nzima. Dreni ikishuka karibu volti 0.5 chini ya ardhi, diodi iliyomo ndani ya mosfeti yenyewe huanza kupitisha umeme na kulikata wimbi. Pia, ziada ikiwa ndogo, mwisho wa eneo la triodi uko karibu vilevile. Na joto lipo: kizingiti hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ziada ikiwa milivolti 100, nyuzi 10 kati ya asubuhi na mchana zinaweza kuubadilisha ukinzani kwa karibu sehemu moja ya tano.

Kujua kama umevuka kikomo huhitaji oskiloskopu. Piga mlio wa mawimbi 1000 kutoka simu moja, na simu ya pili iwe na programu ya kuonyesha masafa. Kwanza pima bila mosfeti, maana spika na maikrofoni nazo zina makosa yao. Kisha iunganishe na uangalie mstari wa 2000. Punguza mlio hadi nusu: mstari wa 1000 ukishuka nusu na wa 2000 ukashuka hadi robo, kosa ni la mosfeti. Chomoa mguu mmoja wa kapasita ya nanofaradi 100, usikilize, urudishe. Mstari usiposogea kabisa, kagua kwanza kama rezista mbili za kiloomu 100 kweli zinakutana kwenye mguu wa 6.