Zege linalovimba: siri iliyofichuliwa Kalifonia, na nyufa zilizobaki Jinja

Bwawa la Nalubaale pale Jinja, ambalo wengi bado huliita Owen Falls, lilitimiza miaka 70 mwaka 2024. Malkia Elizabeth wa Pili ndiye aliyelifungua Aprili 1954. Habari zake huwa za megawati na za nani apewe kuliendesha. Ni nadra kusikia kwamba zege la jengo la mitambo limekuwa likivimba kwa miongo mingi na kupasuka, ilhali mitambo iliyo ndani yake inataka kukaa sawa bila kuyumba hata kidogo.

Ugonjwa huo ulitambuliwa mbali na Nile, kwenye bonde la Salinas, Kalifonia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kipande cha barabara ya zege karibu na Bradley kilianza kuharibika kikiwa kingali kipya. Nyufa zilitapakaa kila upande kama mistari ya ramani. Kwa kawaida fundi akiona nyufa hizo husema zege limekauka vibaya. Lakini zege likikauka husinyaa, na viungo vya barabara huachana. Pale Bradley viungo vilibanana hadi barabara ikainuka. Zege lilikuwa limeongezeka urefu.

Aliyekabidhiwa fumbo hilo ni Thomas Stanton, mhandisi wa vifaa wa idara ya barabara ya jimbo. Siku hizo kokoto na mchanga vilihesabiwa kuwa vitu vilivyolala tu ndani ya zege. Kama kuna kosa, ni la saruji au la fundi. Stanton hakumkamata yeyote haraka. Alitengeneza vipande vyembamba vya mchanganyiko wa saruji na mchanga, akavifungia kwenye vyombo vyenye unyevu, akawa anavipima urefu mwezi baada ya mwezi.

Matokeo yalikataa kumtaja mkosaji mmoja. Mchanga wa bonde lile, wenye vipande vya mwamba wa opali, ulivimba ulipochanganywa na saruji fulani, ukatulia kwa saruji nyingine. Saruji iliyovimbisha nayo haikudhuru kitu ilipokutana na mchanga wa mahali pengine. Mwenye saruji angeweza kuulaumu mchanga, na mwenye mchanga kuilaumu saruji, kila mmoja akiwa na ushahidi mkononi. Saruji na mchanga vyote viwili vilihitajika ili uharibifu utokee, na cha tatu kilikuwa maji.

Ripoti yake ya Desemba 1940 ilieleza hivyo. Alkali za saruji, yaani sodiamu na potasiamu, huyeyusha silika isiyo na mpangilio imara ndani ya jiwe. Hapo hutokea ute unaofyonza maji na kuvimba hadi jiwe na zege lililolizunguka vipasuke. Kwa majaribio yake, saruji yenye alkali chini ya asilimia 0.6 haikuleta madhara. Wakati huohuo Bwawa la Parker kwenye mto Colorado, lililokamilika 1938, lilikuwa limeshaanza kupasuka, na chanzo kikawa kilekile. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kusema ni balaa la bonde moja.

Tangu hapo orodha imekuwa ndefu: Jersey, Afrika Kusini, Japani. Asilimia 0.6 nayo imeonekana haitoshi peke yake, maana kinachohesabika ni jumla ya alkali ndani ya zege. Mifuko minane ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo, kwa kiwango hicho, ina kilo 2.4 za alkali. Ongeza hadi mifuko 11 kwa kutaka nguvu zaidi, zinakuwa 3.3, na Uingereza mpaka uliozoeleka ni kilo 3.

Kwetu kuna kichekesho. Saruji ya bei nafuu ya 32.5 inayouzwa Kenya huwa na pozolana, majivu ya volkano yanayoweza kupunguza uvimbe huu yakiwa ya kutosha. Stanton mwenyewe alilijaribu jambo hilo. Madaraja ndiyo mara nyingi hutaka saruji kali isiyochanganywa, nayo ndiyo hukaa majini. Bonde la Ufa lina miamba ya volkano yenye kioo, aina ambayo silika yake huyeyuka upesi. Hata hivyo kokoto hununuliwa kwa kuuliza bei ya lori na umbali wa machimbo. Kipimo cha haraka cha maabara, cha kutumbukiza vipande kwenye maji ya magadi makali ya nyuzi 80, huchukua takribani siku 16. Kipande kikirefuka chini ya asilimia 0.1, jiwe hupita, kikizidi 0.2, hukataliwa.

Zege likishamwagwa, tiba ni chache. Kulizuia maji husaidia, lakini nani atalizuilia bwawa maji? Huko Mactaquac, Kanada, bwawa lililokamilika 1968, wahandisi hulikata zege kwa waya wenye almasi ili lipate nafasi ya kuvimbia. Mwanya hujibana tena, nao hurudi kukata.