Walokole, Johera na swali la nani anatoka

Tunapofundisha historia ya migawanyiko ya dini, tumezoea simulizi moja: warekebishaji wanapiga kelele, wakubwa wanawafukuza, warekebishaji wanaanzisha kanisa lao. Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki katika Kanisa la Anglikana inakwenda kinyume. Waliotaka mageuzi walibaki ndani. Waliotoka, huko Nyanza, ni wale waliotaka kanisa libaki lilivyokuwa.

Uamsho ulianza kwa watu wachache. Mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliupeleka moto huo Gahini hadi alipofariki mwaka 1936. Kutoka hapo makundi ya wahubiri, wengi wao si mapadri, yalivuka mipaka. Ujumbe wao ulikuwa rahisi na mkali: ubatizo hautoshi, mtu sharti aokoke, atubu dhambi zake hadharani, arudishe alichoiba, kisha atembee nuruni na wenzake.

Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro. Mlokole hakuleta fundisho jipya ambalo askofu angeweza kulikana. Alichobadilisha ni mamlaka. Karani au mwanamke asiyejua kusoma aliweza kusimama mbele ya padri wake na kumwambia hajaokoka. Oktoba 1941 jambo hilo lilifika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Wanafunzi wa Uamsho walikuwa wakiamka usiku wa manane kusali na kuhubiri, na kuwashutumu walimu na wenzao kwa dhambi na kwa theolojia legevu. Mkuu wa chuo alipowapangia saa na masharti, walikataa. Wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa kiongozi wao.

Nagenda hakupata upadri tena. Angeweza kuanzisha kanisa kesho yake, kwani wafuasi alikuwa nao. Hakufanya hivyo. Walokole waliamini kwamba kanisa ni mgonjwa wa kuuguzwa, na kwamba anayemkimbia mgonjwa hawezi kudai anampenda. Kwa maoni yangu uamuzi huo uliathiri historia ya kanisa la ukanda huu kuliko hotuba zozote za Uamsho. Miaka 25 baada ya Mukono, Erica Sabiti, mlokole, alikuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda, Rwanda na Burundi. Aliyemfuata, Janani Luwum, aliyeuawa na utawala wa Idi Amin mwaka 1977, naye alikuwa ameokoka katika Uamsho huo huo.

Nyanza mambo yalikwenda vingine. Uamsho ulifika Maseno mwaka 1938, na kwa kuwa huko haukuzuiwa na uongozi, ulikuja kuonekana kama ndio uongozi wenyewe. Wasiotaka kuungama hadharani walijikuta wakihesabiwa kuwa si Wakristo kamili katika parokia walizozijenga wenyewe. Wajaluo wakawaita waliosisitiza damu ya Yesu Joremo, watu wa damu, na waliowapinga wakajiita Johera, watu wa upendo. Juu ya hayo kulikuwa na siasa ya kanisa. Mwaka 1955 Festo Olang', Mluhya, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, na Wajaluo wengi hawakuridhika kuwa chini yake. Ugomvi wa maungamo na ugomvi wa kabila ulilishana, na ni kosa kuuachia mmoja kazi yote ya kueleza mgawanyiko.

Kasisi Matthew Ajuoga na wenzake walilalamika kwa Askofu Leonard Beecher. Lawama zilipogeuka kuwa nidhamu, walitoka, na mwaka 1957 wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika, makao yakiwa Dala Hera, Kisumu. Ingia katika ibada yao ya miaka ile uone: mapadri wamevaa mavazi yale yale ya Kianglikana, mikononi mwao Kitabu cha Sala. Hawakutaka kuabudu namna mpya. Walitaka kuabudu kama zamani, bila mtu wa kuwauliza kama wameokoka.

Lakini mlango ukishafunguliwa haumngojei aliyeufungua. Mwaka 1960, kabla Ajuoga hajamaliza kupanga nyumba yake, kundi jingine lilijitenga na kanisa lake na kujiita Kanisa la Utatu Mtakatifu katika Afrika.