Saa ya dunia kwenye simu na kompyuta: Namna ya kuipanga, na mahali inapokomea

Na Mwandishi Wetu

FAMILIA nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zina ndugu Muscat, London na Toronto, na anayetaka kuwapigia hulazimika kwanza kujiuliza huko ni saa ngapi. Simu na kompyuta zina saa ya dunia inayoonyesha majira ya miji kadhaa kwa pamoja. Hata hivyo, wapo wanaoipanga vibaya, na wapo wanaoitegemea kwa jambo isiloweza kulifanya.

Kanuni ya kwanza ni kuchagua mji, si kukariri tofauti ya saa. Afrika Mashariki na Muscat hazibadilishi majira, hivyo Muscat hututangulia kwa saa moja mwaka mzima. London na Toronto husogeza saa mbele kwa saa moja ifikapo majira ya joto, kisha huzirudisha nyuma majira ya baridi. Kwa hiyo London huwa nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na kwa saa mbili wakati wa joto. Toronto huwa nyuma kwa saa nane, kisha saba.

Jinsi ya kuipanga

Kwenye simu, fungua programu ya Clock, ingia sehemu ya World Clock, gusa alama ya kujumlisha na uandike jina la mji. Ikiwa ndugu anaishi katika mji mdogo usioorodheshwa, chagua mji mkubwa unaofuata majira yaleyale.

Kwenye kompyuta ya Windows 11, fungua Settings, kisha Time & language, kisha Date & time, na utafute Additional clocks. Weka alama penye Show this clock. Nafasi za nyongeza ni mbili tu, kwa hiyo mwenye ndugu katika miji mitatu atauhifadhi mmoja kwenye simu. Ukiweka kishale juu ya saa iliyo chini ya kioo, saa zote zitajitokeza.

Hapo ndipo kosa hutokea. Kwa London, chagua mstari wenye maneno “Dublin, Edinburgh, Lisbon, London”. Karibu yake upo mstari wa “Monrovia, Reykjavik”, ambao wakati wa baridi huonyesha saa ileile, lakini miji hiyo haibadilishi majira. Aliyeuchagua mwezi Januari hataona tofauti yoyote hadi mwisho wa Machi, saa yake itakapoanza kuchelewa kwa saa nzima.

Inaonyesha sasa, si keshokutwa

Saa ya dunia hujibu swali la sasa tu. Tuchukue mfano wa familia inayozungumza kila Jumapili saa 11 jioni ya Dar es Salaam. Mwezi Februari 2025 hiyo ilikuwa saa 8 mchana London na saa 3 asubuhi Toronto. Machi 9 Kanada ilisogeza saa, na Toronto ikawa saa 4 asubuhi, huku London ikibaki saa 8 mchana. Machi 30 Uingereza nayo ikasogeza, na London ikawa saa 9 alasiri.

Kwa wiki tatu hizo, tofauti kati ya London na Toronto ilikuwa saa nne badala ya tano. Ndugu aliyeangalia saa ya dunia mwezi Februari na kupanga simu ya Aprili angekosea. Dawa yake ni kuandika miadi kwenye kalenda ya simu kwa tarehe na kwa majira ya mji mmoja mliokubaliana. Kalenda itamhesabia kila mmoja saa ya kwake.

Aidha, saa hizi hufuata kanuni zilizohifadhiwa ndani ya kifaa. Machi 2023 serikali ya Lebanon ilitangaza, siku chache kabla, kuahirisha kusogeza saa. Baadhi ya simu zilisogea zenyewe, nyingine hazikusogea. Simu isiyopata masasisho kwa miaka inaweza kukosea hivyohivyo.

Saa mbili ipi?

Kikomo kingine kimo katika lugha yetu. Kioo huandika 20:00. Sisi husema saa 2 usiku. Mjukuu aliyezaliwa Toronto, akiambiwa na bibi “nipigie saa mbili”, anaweza kuelewa 2:00. Katika ujumbe wa maandishi, ni salama zaidi kuandika tarakimu kama zinavyosomwa kwenye kioo na kutaja mji: “20:00 Dar es Salaam”.

Mwisho, saa ya dunia hueleza hali ya mji, haielezi ya mtu. Itaonyesha saa 4 asubuhi London bila kujua kwamba ndugu yako ametoka zamu ya usiku na ndiyo kwanza amelala. Hilo sharti aulizwe mwenyewe.