Wanyama Kumi na Wawili wa Kichina: Kutoka Siku ya Mwizi hadi Mwaka wa Mtoto

Mwaka wa Kichina huitwa kwa jina la mnyama, na wanyama hao ni kumi na wawili: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, kima, jogoo, mbwa na nguruwe. Wakiisha, huanza tena na panya. Niliombwa kuandika makala ya ukurasa mmoja kuwahusu, kwa ajili ya watoto wa Nyamirambo hapa Kigali, ambako Kiswahili kimezoeleka tangu zamani. Karibu kila nilichosoma kilikuwa na orodha ileile: aliyezaliwa mwaka wa panya ni mwerevu, wa ng'ombe ni mvumilivu, wa chui milia ni jasiri. Watoto ninaowafahamu wangeuliza mara moja: nani alisema hivyo, na alijuaje? Swali hilo ni la historia, nami nimelifuata hapa.

Wanyama si mwanzo wa jambo. Kabla yao kulikuwa na alama kumi na mbili zinazoitwa Matawi ya Ardhi: zi, chou, yin, mao na kuendelea. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wakati wa wafalme wa Shang, alama hizo ziliunganishwa na nyingine kumi ili kuhesabu siku. Duru moja ilikuwa siku 60. Zilikuwa alama za kalenda tu, wala hazikuhusu tabia ya mtu yeyote.

Mwaka 1975 wachimbaji walifungua kaburi mahali paitwapo Shuihudi, katika jimbo la Hubei. Aliyezikwa humo, karibu mwaka 217 kabla ya Kristo, alikuwa ofisa mdogo wa sheria wa dola ya Qin, na pembeni yake palikuwa na vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi vyenye maandishi. Mengi ni ya sheria, lakini baadhi ni kitabu cha siku, yaani mwongozo wa kujua siku njema na siku mbaya. Humo ndimo wanyama wetu wanapotokea, na wanatokea katika sehemu inayohusu kuwatafuta wezi.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ukiibiwa, unatazama siku ya wizi ilikuwa ya tawi gani, kisha unasoma sura ya mwizi. Siku ya zi ni ya panya, kwa hiyo mwizi ana mdomo uliochongoka na ndevu chache, naye amejificha ndani ya ukuta chini ya takataka. Siku ya chou ni ya ng'ombe: mwizi ana pua kubwa na shingo ndefu, amepinda mgongo, na mtafute kwenye zizi la ng'ombe. Mwandishi alichukua umbo la mnyama akalivika mtu asiyejulikana. Hapo hakuna mwaka wa kuzaliwa, wala hakuna uvumilivu au ujasiri.

Jambo la pili katika mianzi hiyo ni kwamba orodha haikuwa imetulia. Tawi la tano, ambalo leo ni la joka, halina mnyama. La saba, ambalo leo ni la farasi, lina paa, na farasi yuko kwenye la nane. Kwa maoni yangu hili ndilo jibu zito zaidi kwa mtu anayesema kwamba tabia za wanyama hao zimo katika maumbile ya miaka yenyewe: mnyama akihama tawi, tabia nazo zinahama naye. Orodha kamili kama ya leo tunaikuta kwa Wang Chong, mwanachuoni wa karne ya kwanza baada ya Kristo. Naye aliitaja ili kuibishia. Watu walidai kwamba mnyama wa tawi la maji humshinda wa tawi la moto, akawauliza kwa nini basi panya hawawafukuzi farasi.

Mwaka wa kuzaliwa unajitokeza wazi katika karne ya sita, katika barua ya mama. Yuwen Hu alikuwa mtawala mwenye nguvu wa Zhou ya Kaskazini, na mama yake alishikwa mateka katika dola jirani ya Qi. Mwaka 564, baada ya kutengana miaka mingi, alipelekewa barua iliyoandikwa kwa niaba ya mama huyo. Ili mwana aamini, mama alimkumbusha watoto wake: mkubwa ni wa panya, wa pili wa sungura, na wewe wa nyoka. Pamoja na barua alituma vazi ambalo Hu alilivaa akiwa mdogo. Hapa mnyama anafanya kazi ya cheti cha kuzaliwa. Mama hasemi kwamba mwanawe ana hila kama nyoka, bali anataja mwaka wake tu.

Mtoto anaweza kuthibitisha maneno ya mama huyo kwa hesabu ndogo. Chukua mwaka, toa 4, gawanya kwa 12, utazame kinachobaki: 0 ni panya, 1 ng'ombe, na kuendelea hadi 11, nguruwe. Yuwen Hu alizaliwa mwaka 513. Ukitoa 4 unapata 509, ukigawanya kwa 12 inabaki 5, naye ni nyoka kweli. Kwa 2015 inabaki 7, yaani mbuzi. Ila mwaka wa Kichina hauanzi Januari mosi. Mwaka ule ulianza tarehe 19 Februari, hivyo aliyezaliwa Januari 2015 bado ni wa farasi.

Hesabu hiyo inafichua jambo darasani. Watoto waliozaliwa mwaka mmoja wana mnyama mmoja, kwa hiyo karibu darasa zima litakuwa mbuzi: mpole na mchokozi, anayewahi na anayechelewa. Ni kinyume cha wanyama wa koo zetu Rwanda, kama chura wa Abega na ingwe, yaani chui, wa Abazigaba, ambao mtoto huwarithi kwa baba pamoja na ndugu zake. Mnyama wa Kichina huwatenganisha ndugu na kuwaunganisha wanafunzi wenzao.

Je, kuna ubaya gani kumwambia mtoto kwamba yeye ni jasiri? Tazama Japani, iliyopokea kalenda hiyo kutoka China. Huko iliaminika kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka wa farasi wa moto, unaorudi kila baada ya miaka 60, humletea mumewe balaa. Mwaka 1966 ulikuwa wa namna hiyo. Mwaka 1965 walizaliwa watoto karibu milioni 1.82. Mwaka 1966 wakashuka hadi milioni 1.36, na mwaka uliofuata wakapanda tena kupita milioni 1.9. Wazazi walikuwa wameogopa kuzaa binti ambaye hakuna atakayemwoa.

Sisi tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu. Katika nchi hii, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1994, kitambulisho kiliandikwa kabila la mtu, na tabia alizodhaniwa kuwa nazo zilifuatana na neno hilo. Kwa hiyo katika makala yangu sikuandika "wewe ni mvumilivu". Niliandika "Wachina wa zamani walisema", kisha nikaeleza habari ya wezi.

Neno lililonichukua muda mrefu ni joka. Kwa Kiswahili joka ni nyoka mkubwa, na nyoka ndiye anayefuata kwenye orodha, hivyo mtoto angeona mnyama mmoja mara mbili. Tena wengi wamelisikia joka kanisani likiwa ndiye Shetani. Lile la Kichina lina miguu na pembe, huishi majini na mawinguni, na huleta mvua. Nimeliita joka la mvua, na nimeomba lichorwe pamoja na miguu yake minne.