Lakiri, Mizani na Picha: Historia ya Ushahidi katika Madai ya Bima ya Shehena za Bujumbura

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna ushahidi wa uharibifu wa shehena ulivyojengeka kihistoria, na kwa nini ushahidi huo humponyoka kwa urahisi mfanyabiashara wa Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba kanuni za muda, uzani na ukaguzi zilitungwa kwa ajili ya mzigo unaofunguliwa palepale meli inapotia nanga. Mzigo wa Bujumbura haufunguliwi hapo. Huteremshwa Dar es Salaam, na kwa njia ya kati huendelea kwa reli hadi Kigoma, kisha huvuka Ziwa Tanganyika.

Njia hiyo ni kongwe. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa mapatano ya Machi 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo ya bandari katika miji hiyo miwili, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila kutozwa ushuru. Tangu wakati huo, shehena ya mji uliokuwa ukiitwa Usumbura imekuwa ikipita mikono kadhaa kabla ya mwenyewe kuiona.

Saa inayoanza kuhesabu Dar es Salaam

Kanuni za Hague, zilizotiwa saini Brussels mwezi Agosti 1924, zilimtaka mpokeaji atoe taarifa ya maandishi kwa msafirishaji wakati wa kupokea mzigo, au ndani ya siku 3 ikiwa uharibifu hauonekani kwa nje. Kesi ilipaswa kufunguliwa ndani ya mwaka 1. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978 zililegeza masharti hayo. Uharibifu unaoonekana hutolewa taarifa kabla ya kupita siku ya kazi inayofuata siku ya makabidhiano. Usioonekana hupewa siku 15 mfululizo. Na muda wa kushtaki ni miaka 2. Tanzania ilijiunga na Kanuni za Hamburg mwaka 1979, na Burundi mwaka 1998.

Swali gumu ni saa hiyo inaanza kuhesabu wapi. Ikiwa hati ya shehena ya baharini inaishia Dar es Salaam, makabidhiano yametimia huko, hata kama lakiri ya kontena bado haijakatwa. Siku 15 zaweza kwisha mzigo ungali njiani kwenda Kigoma. Ikiwa hati inamtaja msafirishaji mmoja hadi Bujumbura, hesabu huwa nyingine. Aidha, Kanuni za Hamburg zinahusu usafirishaji wa baharini. Safari ya reli na ya ziwani husimamiwa na mikataba yake, yenye muda wake.

Kuchelewa kutoa taarifa hakuui dai. Kunachofanya ni kuhamisha mzigo wa uthibitisho: hudhaniwa kwamba bidhaa zilikabidhiwa zikiwa salama, na mwenye mali ndiye anayepaswa kuthibitisha kinyume chake. Hata hivyo kampuni ya bima hulitazama jambo hili kwa uzito, kwa sababu ikishalipa fidia hurithi haki ya kumdai msafirishaji. Masharti ya kawaida ya bima ya shehena humtaka mwenye bima ailinde haki hiyo.

Hapa ndipo lugha inapokuwa ushahidi. Anayeandika kwenye hati ya upokezi kwamba "mzigo una kasoro" hajasema kitu kinachoweza kupimwa. Anayeandika "magunia 240 yameloa, magunia 40 yamepasuka" ameweka angalizo lenye nguvu. Bujumbura tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa makuli huhesabu kwa Kiswahili au Kirundi, hati za kutoka Dar es Salaam zimeandikwa kwa Kiingereza, na taarifa ya ukaguzi huandikwa kwa Kifaransa. Kila tafsiri ni nafasi ya kupoteza idadi.

Mizani inayoficha hasara

Mwaka 1749 wakatia bima wa London waliingiza katika hati zao kifungu kilichoondoa nafaka, unga, chumvi na samaki katika fidia ya hasara ndogondogo, isipokuwa meli ikwame au hasara iwe ya pamoja. Walijua kwamba bidhaa hizo huharibika na kupungua kwa asili yake. Mabaki ya fikra hiyo yamo hata leo: masharti ya kawaida hayafidii upungufu wa kawaida wa uzani.

Tuchukue mfano uliobuniwa kwa ajili ya hesabu. Magunia 6,000 ya mchele, kila moja kilo 50, yamekatiwa bima ya dola 330,000, yaani dola 55 kwa gunia. Bujumbura magunia 240 yanaonekana yameloa, kila moja sasa likiwa na kilo 53. Magunia 40 yamepasuka na kubakiwa na kilo 30 kila moja. Mzigo wote ukipimwa pamoja, maji yameongeza kilo 720 na mpasuko umepunguza kilo 800. Upungufu unaoonekana ni kilo 80 katika kilo 300,000, na mtathmini ataukataa mara moja akiuita upungufu wa kawaida. Kwa hiyo sharti mzigo utengwe kwanza katika mafungu: mazima, yaliyoloa, yaliyopasuka na yasiyofika. Kila fungu hupimwa peke yake, na cheti cha mizani hulinganishwa na uzani ulioandikwa wakati wa kupakia.

Thamani nayo ina historia. Katika shauri la Lewis dhidi ya Rucker la mwaka 1761, lililohusu sukari iliyoharibika, Lodi Mansfield aliamua kwamba hasara ipatikane kwa kulinganisha bei ya bidhaa nzima na ya iliyoharibika katika bandari ya kufikia, kisha uwiano huo utumike kwenye thamani ya bima. Katika mfano wetu, magunia 150 yameoza kabisa: dola 8,250. Magunia 90 yameuzwa kwa dola 24 wakati gunia zima linauzwa dola 60. Hasara ni asilimia 60 ya dola 55, yaani dola 33 kwa gunia, jumla dola 2,970. Kilo 800 zilizomwagika ni dola 880. Dai ni dola 12,100, kabla ya makato yoyote yaliyomo kwenye mkataba.

Picha na kisichoonekana

Picha ina nguvu inapofuata mpangilio: namba ya kontena na lakiri kabla ya kukatwa, mlango ukiwa wazi, safu za magunia kabla hazijaguswa, kisha alama za gunia kwa karibu. Picha ya gunia moja lililoloa haionyeshi lilitoka wapi wala liliharibika lini.

Isitoshe, picha haitofautishi maji ya chumvi na maji baridi. Mkaguzi hudondosha nitrati ya fedha kwenye gunia lililoloa na kwenye gunia kavu la kulinganishia. Mashapo meupe mazito yakitokea kwenye lililoloa, yanaashiria maji ya bahari, na dai huelekezwa kwa msafirishaji wa baharini. Yasipotokea, hushukiwa mvua au maji ya ziwa, na lawama husogea kwenye reli au meli ya ziwani.

Hitimisho

Kwa washauri wa sera, pendekezo ni moja na mahususi: hati ya upokezi ya lugha tatu, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, yenye safu za mafungu manne, namba ya lakiri na saa ya makabidhiano, ijazwe Dar es Salaam, Kigoma na Bujumbura. Bila hati hiyo, mfanyabiashara wa Bujumbura ataendelea kuthibitisha mwishoni mwa safari jambo lililotokea mwanzoni mwake.