Malakisi, Mathari na Kambi ya Maombi: Nani Huupa Ugonjwa Jina?

Juma hili watu kadhaa wameniandikia swali moja kwa maneno tofauti: kijana akianguka kifafa, je, huyo ana pepo au ni mgonjwa? Tumpeleke kambini au hospitalini? Leo nitakujibu, ila nitapitia historia ya hapa kwetu kwanza. Swali hili halikuanza na sisi Wapentekoste, na wale waliolijibu kabla yetu walituachia woga ambao bado tunaubeba.

Kati ya 1934 na 1938 mwanaanthropolojia mmoja Mjerumani, Günter Wagner, alikaa kwa Wamaragoli na kwa Wabukusu akiandika jinsi watu walivyoishi. Alikuta kwamba mgonjwa wa siku hizo hakuwa na swali moja, alikuwa na mawili. Tumbo likiuma, watu walichemsha mizizi na majani, na hakuna aliyeita kikao. Lakini ugonjwa ukikataa kuondoka, au ukirudi kila mwezi, ndipo familia ilipokwenda kwa mpiga ramli kuuliza: ni nani? Ni mlozi? Ni mzee aliyekufa akisahaulika? Au ni Wele Gumali, yule mungu mweusi wa mabaya?

Miaka hiyohiyo, mtafiti mwingine, Evans-Pritchard, alikuwa ameandika juu ya Wazande, watu wa Sudan Kusini na kaskazini mashariki mwa Kongo. Anaeleza habari ya ghala la nafaka. Watu wameketi chini yake kukwepa jua, ghala linaanguka, wanaumia. Mzande anajua vizuri kabisa kwamba mchwa walikula nguzo, hahitaji Mzungu kumfundisha. Anachouliza ni hiki: kwa nini lilianguka saa ileile, juu ya watu walewale? Mchwa wanaeleza namna lilivyoanguka. Uchawi, kwake yeye, unaeleza kwa nini lilimwangukia huyu.

Shika hapo, mpendwa, maana hoja yangu yote iko hapo. "Imetokeaje" na "kwa nini mimi" ni maswali mawili. Hospitali hujibu la kwanza na hunyamaza mbele ya la pili. Mama wa Malakisi ambaye mtoto wake wa tatu ameanza kuanguka hawezi kulala kwa sababu ya lile la pili, na ndiyo maana akitoka kliniki na bahasha ya vidonge bado anapanda bodaboda kwenda kambini. Si mjinga. Amejibiwa nusu tu.

Sasa, kwa nini watu wa upande wetu huu wana shaka na hospitali inapotaja ugonjwa wa akili? Hapa lazima nimtaje Elijah Masinde. Wazee wanamjua: mwana wa Kimilili, mchezaji wa kandanda aliyechezea timu ya Kenya, mshirika wa Friends aliyetengwa na kanisa baada ya kuoa mke wa pili, kisha kiongozi wa Dini ya Msambwa. Nasema wazi kwamba mafundisho yake ya kurudia matambiko siyakubali, na Biblia haiyakubali. Lakini tazama alichofanyiwa. Alipokataa amri za serikali na kupigana na waliotumwa kumleta, mwaka wa 1945 alitangazwa kuwa mwenda wazimu akapelekwa Mathari, Nairobi. Alikaa huko hadi 1947.

Mathari ya wakati huo ilisimamiwa na Daktari J. C. Carothers, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake ambamo alidai kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Hiyo ndiyo iliitwa sayansi. Mtu akikataa kutawaliwa, anaweza kupewa jina la ugonjwa, na jina hilo likawa mlango wa kufuli.

Masinde alirudi, wafuasi wakaongezeka. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia umati risasi hapahapa Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, naye akahamishwa mbali kwa miaka mingi. Basi babu anayekumbuka hayo akisikia "mpelekeni Mathari", hasikii neno matibabu. Anasikia neno kifungo. Woga huo si ukosefu wa imani wala ukosefu wa elimu. Ni kumbukumbu.

Kuna mpasuko mwingine, na huu ni wa kanisani. Wamishenari wa Friends walifika Kaimosi 1902, na muda si mrefu wakawa na daktari. Injili na kwinini vilitoka mkono mmoja. Mwaka wa 1927 vijana wa Kaimosi wakapokea Roho kwa kishindo, wakanena kwa lugha, wakaungama dhambi hadharani, na viongozi wa misheni wakawazuia, wengine wakasukumwa nje. Hapo ndipo makanisa ya Roho ya magharibi yalipozaliwa, na sisi sote tumekunywa katika kijito hicho kwa namna fulani. Lakini tazama jinsi mali ilivyogawanywa: misheni ilibaki na zahanati, waliotoka wakatoka na maombi. Kwa nionavyo, sehemu kubwa ya ugomvi wa dawa na imani ulianzia kwenye mgawanyo huo wa urithi. Hakuna sura ya Biblia iliyouanzisha.

Ukitaka ushahidi, fungua Mathayo 4:24. Mwandishi anawataja walioletwa kwa Yesu kwa makundi: wenye pepo kivyao, wenye kifafa kivyao, waliopooza kivyao. Kundi la kwanza na la pili hayakuchanganywa. Katika Kigiriki, neno lililotumika kwa wenye kifafa lina mwezi ndani yake, kama kusema waliopigwa na mwezi, kwa sababu wakati huo watu waliamini mwezi ndio unaowaangusha. Ni kweli, katika sura ya 17 kuna mvulana mwenye kifafa ambaye Yesu alimtoa pepo. Mimi naamini habari hiyo jinsi ilivyoandikwa. Lakini mwandishi yuleyule aliyeandika sura ya 17 ndiye aliyetenganisha makundi katika sura ya 4, kwa hiyo hakuna mtumishi mwenye ruhusa ya kuruka kutoka kwa mvulana mmoja hadi kwa kila kijana wa Sirisia.

Turudi kwa huyo kijana. Upande wetu huu, kuelekea Teso na Busia, nguruwe wengi wanazurura, na watafiti wamewapima nguruwe wa Busia na kuwakuta na mnyoo aina ya tegu. Mtu mwenye tegu tumboni akijisaidia kichakani, mayai yanabaki kwenye udongo, kwenye mikono, kwenye sukuma wiki ambayo haikuoshwa. Atakayemeza mayai hayo, vifuko vya mnyoo vinaweza kukaa kwenye ubongo wake, na baadaye akaanza kuanguka. Angalia vizuri: si lazima awe amekula nguruwe. Hata Msabato ambaye hajawahi kugusa nyama hiyo anaweza kuyapata kutoka kwa mikono ya jirani. Tena huenda watu wawili wa boma moja wakaanguka, kwa kuwa wanatumia choo kimoja, au hawana choo. Hapo ndipo mtu husema "ni laana ya ukoo". Umeona jinsi mchwa anavyofichwa? Zipo sababu nyingine pia: kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ajali ya pikipiki.

Sasa mfuate kijana huyu hadi kambini. Anapokelewa vizuri, na hilo nawasifu ndugu zetu wa kambi: wanamshika mkono, wanamwita kwa jina, familia inasikilizwa. Anaulizwa ndoto zake na nani amegombana na nani nyumbani. Kisha anaambiwa aache vidonge kama ishara ya imani, afunge siku tatu, akeshe usiku. Usiku wa pili anaanguka mara nne. Watu wanashangilia kwamba pepo linapambana kabla ya kutoka.

Mpendwa, kukosa usingizi huchochea kifafa. Kuacha dawa ghafla huchochea zaidi. Kukaa bila chakula na maji humdhoofisha. Yaani ratiba ya kambi yenyewe imemwangusha, na kuanguka kwake kumesomwa kama ushahidi kwamba ratiba inafanya kazi. Ukitaka kupambanua, uliza maswali haya: je, alianguka zaidi baada ya kukesha? Je, alianguka zaidi tangu aache vidonge? Alipolala na kumeza dawa, siku zilipungua? Pepo halina sababu ya kufuata ratiba ya fenobabitoni.

Huko Ghana, ambako kambi za maombi ni kubwa na wenye matatizo ya akili walikuwa wakifungwa minyororo ingawa sheria ya 2012 iliwalinda, watafiti walifanya jambo la busara katika kambi ya Mount Horeb. Hawakuifunga kambi. Waliwagawanya wagonjwa 139 kwa kura: wote waliendelea na maombi, nusu wakaongezewa dawa za hospitali kwa wiki sita. Matokeo yalichapishwa 2018. Waliopata dawa pamoja na maombi walipungukiwa na dalili kuliko wenzao. Lakini siku za kukaa kwenye minyororo hazikupungua. Jambo hilo la pili lilinifikirisha usiku mzima. Dawa ilituliza wagonjwa, lakini haikumfikia aliyeshika ufunguo, maana yeye hakufunga kwa sababu ya dalili. Alifunga kwa sababu ya jina alilokuwa ameupa ugonjwa.

Kwa hiyo swali lenu nalijibu hivi. Katika kesha zetu, mwenye kifafa haachi kidonge hata kimoja, na hakeshi: anaombewa mapema jioni, mikono inawekwa, mafuta yanapakwa kama Yakobo 5 inavyosema, kisha anakwenda kulala. Hafungi bila daktari wake kujua. Swali la "kwa nini mimi" tutalibeba pamoja naye mbele za Mungu, hata likichukua miaka, na hatutalijibu kwa kumtaja shangazi yake.

Akianguka katikati ya ibada, wahudumu wa mlangoni waondoe viti, wamlaze ubavu, wasimtie kijiko wala kidole mdomoni, na wasimshike kwa nguvu. Mmoja aangalie saa. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, gari liwashwe kwenda hospitalini papo hapo. Anayetaka kuendelea kumwombea aingie naye kiti cha nyuma.